Barua kwa mwanangu: hela ya kikoba iache kwanza

Mama yangu, shikamoo yako nimeiona, marahaba. Nimeamua kuandika sababu kwenye simu unanijibu "sawa mama" halafu unakata.

Mdogo wako kaniambia umeomba mkopo wa milioni na laki nane kwenye kikoba, eti umpeleke baba Junior Zanzibar mtimize miaka kumi na moja ya ndoa, hoteli ya siku tatu na boti ya kwenda kuangalia pomboo. Usimgombeze, nimemlazimisha mimi. Lakini hiyo hela mwanangu usiichukue. Siyo kwamba Zanzibar mbaya, ila wewe mwenyewe uliniambia hamgombani, hamna hata la kugombania, mnaishi kama wapangaji wa nyumba moja, sasa wapangaji ukiwapeleka hoteli si watakuwa wapangaji walioko hoteli? Mtakaa mezani mnaangaliana, kila mmoja anawaza hii inabidi iwe tamu maana imetuchukulia hela, na ukimya ukiingia pale utakuuma kuliko wa sebuleni kwenu Dodoma. Halafu mnarudi na marejesho.

Kwenye semina ya washauri wa ndoa pale parokiani (we ulikuwa unaicheka, sijasahau) mwezeshaji alitueleza habari za Mmarekani mmoja anaitwa John Gottman, mtu wa saikolojia. Huyu alikuwa na nyumba ya utafiti kwenye chuo kikuu pale Seattle, wanandoa wanakaa humo wanapika, wanasoma gazeti, kamera zinawachukua. Hakuwa anatafuta maneno makubwa, alikuwa anaangalia vitu vidogo, mmoja akisema "cheki yule ndege" mwenzie anafanyaje. Sisi kwenye semina tukaziita hodi. Wale maharusi walifuatiliwa baada ya miaka 6, waliokuwa bado wako pamoja ilikuwa kwenye kila hodi 100 wameitikia kama 86, walioachana 33 tu. Na hodi yenyewe haisemi "nipende", inakuja imevaa nguo za kazini. Anakwambia mafuta yamepanda, anakuonyesha kavideo ka kijinga kwenye simu, anashusha pumzi wakati anavua viatu. Mtu akipuuzwa hapo mara nyingi harudii, wala halalamiki, anahamia kwenye simu. Ndo hapo mlipofikia nyie, siyo kwamba kuna siku mlikosana.

Sasa badala ya mkopo fanya hivi, na ufanye kimoja kimoja, nakujua wewe utataka uanze vyote Jumatatu. Wiki mbili za kwanza usianzishe kitu chochote kipya. Itikia tu. Akisema neno, weka simu chini au toa macho kwenye madaftari ya wanafunzi, mwangalie, mjibu kwa kitu kinachomfanya aendelee. Akisema leo foleni ilikuwa balaa, usimwambie "ungepita njia nyingine", wewe ulikuwa kwenye hiyo foleni? Muulize ilikuwaje. Una tabia ya kutatua matatizo ya watu kabla hawajamaliza kuyasema, sijui umeitoa wapi, baba yako anasema anajua.

Usimtangazie kwamba unajaribu kitu. Ukimwambia atajiona yuko kwenye mtihani, na nyie walimu mnapenda kusahihisha. Na usihesabu, leo nimeitikia mara tano yeye moja, hapo umeshageuza deni.

Wiki mbili zikiisha ongeza hiki. Uliniambia anaingia kama saa moja jioni, anakula anaangalia tivii, saa nne kalala. Basi tafuta dakika ishirini hapo baada ya kula, wote mkiwa mnafanya kitu cha mikono, mnachambua mchele, mnakunja nguo. Mkae ubavu kwa ubavu, siyo kumkalisha ukamwambia "tuongee", mwanaume wa kwetu akisikia tuongee anaanza kutafuta kosa lake. Ongeeni habari za nje ya nyumba, kazi yake, yule bosi wake. Habari za ndoa yenu na ada usiziingize kwenye hizo dakika. Na kwenye hizo dakika uwe upande wake hata kama unaona bosi ana pointi.

Mimi na baba yako nyinyi mlipoondoka wote tulikuwa hivyohivyo, yeye na redio yake ya mpira, mimi na vikao vya jumuiya. Nikaanza vibaya, nikamwambia awe ananisindikiza sokoni Jumamosi. Si unajua baba yako na soko, alikuwa anatembea mbele kama anafukuzwa. Nikaacha, nikahamia kwenye kupukuchua mahindi barazani jioni, hiyo alikaa. Sasa sikia hapa ndo watu wengi wanakata tamaa, kilichotoka kwanza hakikuwa kitamu, alianza kulalamika. Kwamba chai anakunywa peke yake, kwamba vikao vyangu haviishi. Nilitaka kuondoka na ungo wangu. Lakini malalamiko baada ya ukimya ni dalili nzuri mwanangu, mtu aliyekata tamaa hasumbuki kulalamika. Vikao nilipunguza, haya hayo tuyaache.

Kwa hiyo wewe usisubiri kukumbatiwa. Angalia vitu hivi: anakuletea habari hujamuuliza, anabaki sebuleni baada ya kula, anakupigia mchana kwa jambo ambalo lingesubiri jioni. Ikipita miezi miwili hakuna hata kimoja, badilisha saa au badilisha kazi ya mikono, labda jioni amechoka na asubuhi mkimwandaa Junior ndo yuko macho. Na bado kukiwa kimya, niambie, kuna padri na kuna washauri.

Halafu kitu kimoja nakuuliza na unijibu kweli, siyo "sawa mama". Je anakupiga? Anakunywa? Kuna mtu mwingine? Kama kuna hata kimoja hapo basi yote niliyoandika juu weka pembeni, hodi haitibu hayo, unipigie nije. Na kama mwenyewe amenyamaza sana, halali, hali vizuri, hana raha hata na watoto, huyo anaweza kuwa anaumwa, mpelekeni hospitali kwanza. Nimefanya uuguzi miaka mingi, wanaume huwa wanaliita uchovu.

Ila kama ni ukimya tu, hela ya kikoba usichukue. Kama fomu umeshapeleka mwambie mweka hazina airudishe, huyo mama unamjua, haya haina kazi hapo. Zanzibar mtaenda mkiwa na cha kuongea, na mtaenda kwa hela yenu.

Nakusifu kwa jambo moja, kwamba umeona mapema na unataka kufanya kitu. Wenzako wanaamka watoto wameolewa.

Huku Tanga paa la jikoni linavuja tena, fundi kaja kala ubwabwa kaondoka na hela ya bati. Mguu wa baba yako afadhali. Nimekutumia machungwa ya Muheza na dagaa kwa basi la kesho asubuhi, namba ya konda nimemtumia baba Junior, siyo wewe, akayapokee yeye. Akija nayo dagaa watoe kwenye mfuko siku hiyohiyo, wana unyevu, wataoza.

Mama yako