Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Nidhamu ya Kitaaluma

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salaam nyingi kwa heshima na taadhima. Nimengoja jibu lako wiki sita. Jumatatu nikaletewa mashtaka mapya: sura ya pili ya tasnifu yangu nayo "imeandikwa na mashine kwa asilimia 84." Ya kwanza ilipata 71. Kwa mwendo huu, ya mwisho itagonga mia.

Ulituahidi ukumbini kwamba asilimia ya programu ya kutambua maandishi ya akili bandia haitamtia mtu hatiani peke yake. Katika faili langu hakuna ushahidi mwingine.

Huenda hukuelezwa kinachopimwa. Programu hizi hazijui nani kaandika. Nyingi hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika. Sura yangu inaanza na maneno ambayo kwa Kiswahili ni, "Utafiti huu unalenga kuchunguza sababu za..." Hata wewe ungeyamalizia macho yamefumba. Mashine nayo huunda sentensi kwa maneno yanayotarajiwa, basi asiyeshangaza anahesabiwa kuwa mashine. Mimi Kiingereza ni lugha ya pili. Neno nisilolimudu silitumii, na sentensi ikirefuka naikata nisije nikajikwaa. Walimu walinisifu kwa hilo miaka yote.

Nahisi kitambuzi chenu kinapima hivyohivyo, maana kimepaka rangi nyekundu sehemu ya mbinu za utafiti, ambayo kila mtu huiandika kwa maneno yaleyale. Aya moja tu ilisalimika. Ni ile yenye kosa la sarufi nililosahau kusahihisha!

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitisha kwenye vitambuzi 7 insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilidaiwa kuwa za mashine, na 89 zilinaswa na angalau kitambuzi kimoja. Insha za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani karibu zote zilipita. Kisha ChatGPT ikaambiwa izipambe zile za TOEFL kwa msamiati wa mzawa, na zilizonaswa zikapungua mno. Yaani, Mheshimiwa, ningeitumia kweli hiyo mashine, pengine nisingeitwa mbele yako.

Nina rasimu 14, kila moja na tarehe yake, zimejaa wino wa msimamizi wangu. Nimezileta ofisini kwako mara mbili, na mara zote mbili nimerudishiwa mapokezi kwa kuwa "mfumo umeshatoa matokeo."

Zisome, Mheshimiwa. Uniite uniulize chochote kuhusu sura hizo, ana kwa ana, bila karatasi. Kama 14 ni nyingi, soma tatu. Kama tatu ni nyingi, soma ya kwanza na ya mwisho.

Wako anayesubiri,
Mwanafunzi wa uzamili