Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Kilwa Masoko

Ndugu wanachama,

Assalam aleikum, na habari za kazi.

Shughuli za kawaida za chama chetu cha kuandalia wageni safari za magofu mnazijua. Tumefanya usafi bandarini mara mbili, tumepokea wageni 61 walioagiza ratiba kwetu kupitia simu na barua pepe, na tumewazika wenzetu wawili, Mungu awarehemu. Vikao viliitishwa sita. Vitatu havikutimia akidi, na kimoja tulikaa wanne kwenye viti vya kuazima mpaka magharibi. Inaniuma kusema kwamba wengi wanaolalamikia uamuzi wa malipo hawakuwapo siku tuliyoujadili.

Uamuzi wenyewe ni huu: tangu Agosti, mgeni hapewi ratiba kamili kabla ya kulipa asilimia 30, na malipo hayo yanaingia akaunti ya chama tu, si simu ya mtu. Nimeitwa mbabe kwa hilo. Naomba nieleze.

Mwezi Julai wageni wawili waliagiza safari ya Songo Mnara kwa mwenzetu mmoja. Walimtumia dola 90 kwenye namba yake binafsi. Walipotuma likatokea jina la mtu wasiyemjua, wakasita siku mbili, wakauliza, wakajibiwa "ndiyo huyo huyo". Siku ya safari mwenzetu alikuwa Dar es Salaam. Nahodha hakuwa na habari wala mafuta, kibali cha magofu hakijakatwa. Niliitwa mimi. Nilikuta mama wa watu amekaa juu ya begi gatini, ameshika simu yenye ujumbe wa malipo, ananionyesha bila kusema neno.

Nilitafuta boti kwa fedha yangu. Lakini ratiba nayo ilikuwa mbovu: iliandikwa wafike Songo Mnara saa 4 na nusu asubuhi, na siku ile ilikuwa bamvua. Ninyi watu wa pwani mnajua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji hujaa alfajiri na kufikia saa 4 au 5 yamekupwa kabisa. Boti ilikwama mbali, wageni wakatembea kwenye tope la mikoko hadi magotini. Mgeni anayelipa akiwa Ulaya ananunua hasa ujuzi huu: siku gani maji yatakuwa juu asubuhi, na kama si siku hiyo, aanze na Kilwa Kisiwani, Songo Mnara isogezwe mbele. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba ya Jumatatu haifai kunakiliwa kwa Ijumaa. Jedwali la maji ninalitunza mimi, na kila ratiba iliyotoka tangu Agosti nimeipitia kwa mkono wangu.

Ndiyo maana hatutoi ratiba kamili bure. Mgeni anapata kwanza muhtasari: siku, maeneo na bei yote. Tukiandika saa, jina la nahodha na namba yake kabla ya malipo, anampigia nahodha moja kwa moja, na tumeyaona hayo. Kwa safari ya dola 240, inatangulia 72. Humo nahodha anapewa ya mafuta jana yake, na kibali kinakatwa. Salio linalipwa gatini, boti ikionekana. Kusi ikichafua bahari nahodha akakataa kutoka, mgeni anachagua siku nyingine au anarudishiwa zote. Sharti hilo linaandikwa kabla hajalipa, naye anajibu kwa maandishi kwamba amekubali.

Jibu hilo lilituokoa Septemba. Mteja aliyelipa kwa kadi aliona kwenye taarifa ya benki yake jina la kampuni inayotupokelea malipo, asilifahamu, akadai fedha zake. Tulipeleka ratiba, ujumbe wake wa kukubali na picha yake kwenye ngazi za Husuni Kubwa. Dai likafutwa. Sasa tunamwambia mgeni mapema jina atakaloliona.

Nakubali kwamba fedha zinachelewa kuwafikia, pengine siku tano, na makato ya kadi yapo. Sijachukua hata senti, daftari liko kwa mhazini.

Ada: kati ya wanachama 34, waliolipa ni 13. Deni lote ni shilingi 1,260,000. Waliokuwa wa kwanza kudai mgao wao wa Septemba wamo kwenye deni hilo.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kupata picha nzuri za magofu, na pengine kuzungumza na wenzetu wa Mikindani ili mgeni akitoka kwetu apokelewe huko. Mhazini atakuwa gatini Jumamosi kuanzia saa 2 asubuhi kupokea ada.

Mwenyekiti