Barua ya wazi kwa wanachama: bei ya hisa ilipanda, mgao ulibaki palepale

Kwa wanachama wote, vijana kwa wazee,

Salamu nyingi. Nimesoma kumbukumbu za mkutano mliofanya nikiwa sipo, na nimeona pendekezo la kutenga shilingi 150,000 za safari ya Mombasa mwezi wa Desemba. Sina ugomvi na Mombasa, na kama tungekuwa tumeichangia tangu Januari ningekuwa wa kwanza kufunga begi. Ninachopinga ni sababu iliyoandikwa: kwamba hisa zetu 20,000 za Safaricom zimetupatia faida kubwa, kwa hiyo tuna pesa za kutumia. Kabla hamjapiga kura, naomba mnivumilie nieleze faida hiyo imetoka wapi.

Turudi nyuma kidogo. Mwezi wa Agosti 2021 hisa ya Safaricom ilifika karibu shilingi 45. Wakati huo riba ya msingi ya Benki Kuu, ile inayoongoza riba nyingine zote nchini, ilikuwa asilimia 7, na mgao wa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 ulikuwa shilingi 1.37 kwa kila hisa. Kuanzia Mei 2022 Benki Kuu ikaanza kupandisha riba, hatua kwa hatua, mpaka ikafika asilimia 13 Februari 2024. Mwezi huohuo serikali iliuza bondi ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa kodi. Hisa ilikuwa imeporomoka hadi chini ya shilingi 15. Mgao je? Shilingi 1.20. Yaani mgao ulipungua kwa senti 17, lakini bei ikapoteza theluthi mbili. Sisemi riba ndiyo peke yake iliyofanya hivyo. Biashara mpya ya Safaricom huko Ethiopia ilikuwa ikimeza mtaji, shilingi yetu ilikuwa imedhoofika, na wawekezaji wa nje walikuwa wakiuza hisa na kuondoka. Lakini jiulizeni: nani angekaa na hisa inayompa senti kidogo wakati serikali inampa asilimia 18 bila kodi na bila wasiwasi?

Agosti 2024 mambo yakageuka. Benki Kuu ilipunguza riba hadi asilimia 12.75, ikaendelea kupunguza kikao baada ya kikao, na kufikia Agosti 2025 ilikuwa asilimia 9.50. Hati za hazina za siku 91, zilizokuwa zikilipa karibu asilimia 16 katikati ya 2024, zikashuka hadi karibu asilimia 8 mwaka mmoja baadaye. Hisa ya Safaricom, iliyomaliza 2024 ikiwa karibu shilingi 17, ilivuka 25 ndani ya miezi michache. Na mgao wa mwaka ulioishia Machi 2025? Shilingi 1.20, uleule wa mwaka uliotangulia.

Niwafanyie hesabu ndogo ya kufundishia. Nimechagua namba rahisi, ila haziko mbali na yaliyotokea. Chukueni mnunuzi anayetaka pesa yake imzalishie asilimia 13 kwa mwaka, kwa miaka mingi, ndipo akubali kuiacha kwenye hisa. Anaamini mgao utakuwa ukikua kwa asilimia 5 kila mwaka. Basi asilimia 8 iliyobaki lazima itoke kwenye mgao wenyewe. Shilingi 1.20 ni asilimia 8 ya 15, kwa hiyo atalipa shilingi 15, hatalipa zaidi. Sasa riba zishuke kila mahali, benki na serikali zilipe kidogo, na mnunuzi yuleyule aridhike na asilimia 10. Mgao unatakiwa umletee asilimia 5 tu. Shilingi 1.20 ni asilimia 5 ya 24. Bei imepanda kutoka 15 hadi 24, asilimia 60 nzima, na kampuni haijauza hata dakika moja ya ziada ya maongezi. Kilichobadilika ni kile ambacho watu wanadai ili waishike hisa.

Hiyo ndiyo njia ambayo riba hupitia kufika kwenye hisa. Nayo huingia nyumbani pia, na hapo ndipo safari yenu ya Mombasa ilipozaliwa. Mtu anafungua simu, anaona hisa zake zilizokuwa na thamani ya 300,000 sasa ni 480,000, na moyo unalegea. Mara nyingi hauzi chochote. Anapunguza tu kuweka akiba, kwa sababu anaona lengo lake la uzeeni limeshakaribia, au anakubali kununua friji kwa mkopo ambao mwaka jana angeuogopa. Mwingine anapeleka hisa benki kama dhamana na kukopa zaidi, maana dhamana imenenepa. Ukijumlisha nyumba nyingi za namna hiyo, maduka yanauza zaidi na uchumi unasogea. Wachumi huiita athari ya utajiri, na Benki Kuu yoyote inapopunguza riba hilo ni moja ya mambo inayotarajia.

Lakini athari hiyo ni ndogo kuliko mnavyodhani. Huko Marekani, ambako familia zaidi ya nusu zina hisa za moja kwa moja au kupitia mifuko ya uzeeni, utajiri wa hisa ukiongezeka kwa dola moja, matumizi ya mwaka huongezeka kwa senti kama 3 hadi 5. Tukijipima kwa kipimo hicho, ongezeko letu la 180,000 lingetufanya tutumie kati ya shilingi 5,400 na 9,000 kwa mwaka. Ninyi mnataka 150,000 kwa wikendi moja.

Hapa kwetu njia yenyewe ni nyembamba zaidi. Safaricom ina hisa bilioni 40. Bei ikipanda kwa shilingi 9, thamani inaongezeka kwa bilioni 360, na magazeti yatapiga kelele. Ila wakati wa kupanda huko serikali ilikuwa na asilimia 35, kundi la Vodafone karibu asilimia 40, na robo tu ndiyo ya umma. Katika robo hiyo mna mifuko ya pensheni, kampuni za bima na wawekezaji wa nje. Mwalimu ambaye mfuko wake wa pensheni umenenepa hajui, na akijua hawezi kuugusa. Familia nyingi za Kenya zimeweka utajiri wao kwenye shamba, mifugo na nyumba. Kwa hiyo mtu akiwaambia soko la hisa likipanda mwananchi anafurahi, mwulizeni mwananchi yupi.

Sasa nirudi kwa chama. Ng'ombe akipanda bei sokoni hatoi maziwa zaidi. Hisa zetu 20,000 zilikuwa zikitupa 24,000 kwa mwaka, na tukiondoa kodi ya asilimia 5 tunabaki na 22,800. Bei ikiwa 15 ni 22,800, na bei ikiwa 24 ni 22,800 vilevile. Ili tupate zile 150,000 lazima tuuze hisa 6,250 kwa 24 kila moja, bado sijaweka ada ya dalali. Tutabaki na 13,750, na mgao wetu kabla ya kodi utashuka hadi 16,500. Tumejikata 7,500 kila mwaka, mwaka huu na inayofuata. Kuna wakati hilo ni jambo la busara, kama mwanachama ana mgonjwa au kuna kiwanja cha kulipia. Lakini tuliite jina lake: tunauza sehemu ya mali.

Na kuna jambo ambalo vijana wetu hawajaliona, ingawa linawahusu kuliko mimi. Kila mwezi tunachanga 60,000 na kununua hisa. Kwa bei ya 15 zilikuwa zinatupatia hisa 4,000, zenye mgao wa 4,800 kwa mwaka. Kwa bei ya 24 tunapata hisa 2,500, zenye mgao wa 3,000. Mimi niliye karibu kuuza nimenufaika. Aliyejiunga mwaka jana, mwenye miaka 20 ya kununua mbele yake, kwa kweli amepandishiwa bei ya bidhaa anayoihitaji. Ndiye anayeshangilia kuliko wote, na nasikia ndiye aliyependekeza safari.

Msidhani pia kwamba kila riba ikishuka hisa hupanda. Machi 2020, soko la Nairobi lilisimamishwa tarehe 13 baada ya bei kuporomoka siku ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa. Tarehe 23 Benki Kuu ilipunguza riba kutoka 8.25 hadi 7.25, lakini woga uliendelea, kwa sababu watu walisoma kwenye uamuzi huo kwamba hali ni mbaya. Na hata nyakati za kawaida, soko huwa limeshanunua kabla ya kikao. Wachumi Ben Bernanke na Kenneth Kuttner, katika utafiti wao wa 2005 kuhusu Marekani, walikuta kwamba robo ya asilimia iliyopunguzwa bila watu kuitarajia hupandisha hisa kwa kama asilimia 1. Iliyotarajiwa haifanyi lolote la maana. Kwa hiyo kijana anayekimbilia kununua jioni ya tangazo, aliyemwuzia amemtangulia wiki nyingi.

Kuna mwanachama aliyeniuliza kwa simu tutajuaje kama kupanda ni kwa riba au ni kwa kazi ya kampuni. Gawanya mgao kwa bei. Kama bei inapanda na mgao unapanda nayo, uwiano haubadiliki sana, basi kampuni inazalisha. Kama mgao umesimama na uwiano unashuka, kutoka asilimia 8 hadi 5 kwa mfano wetu, basi umelipwa na riba, au na matumaini. Mwaka 2021, bei ilipokuwa 45, uwiano huo ulikuwa asilimia 3. Riba ziliporudi juu, walionunua wakati huo walibaki wameshika hisa ya chini ya 15, na wale walioiweka dhamana ndio walioumia zaidi, maana deni la benki halishuki pamoja na bei.

Ombi langu ni hili. Safari ichangwe kwa mfuko wake, 12,500 kwa mwezi, na tuende mwaka ujao. Mikopo ya wanachama ipimwe kwa bei ya hisa ya 15, hata kama soko linasema zaidi. Na mweka hazina, mama, katika taarifa yako ya mkutano ujao tafadhali usiandike thamani ya hisa peke yake. Andika kando yake mgao wa mwaka, na uwiano wa viwili hivyo, kwa kila kampuni tuliyo nayo, tangu 2021.

Wenu,
Mzee mlezi wa chama