Kwa nini nyama ya ngano hutawanyika majini, na jinsi ya kuirudisha

Wateja wengi wanaojaribu kujitengenezea nyama ya ngano nyumbani hutuletea lalamiko moja: walikanda unga, wakaanza kuuosha, donge likatawanyika lote majini, wakamwaga. Wa karibuni ni mama mmoja wa Ujiji aliyemwaga kilo mbili kwa siku moja. Sisi hapa Mwanga, Kigoma, tunaiuza ikiwa imeshapikwa, lakini anayetaka kuijua kazi hatumfichi. Tulimwomba aje jikoni kwetu na kilo moja ya unga uleule.

Unga wa ngano una wanga mwingi na protini kidogo. Protini hiyo ikilowa na kukandwa hushikana ikawa nyuzi zinazovutika, na nyuzi hizo ndizo gluteni, yaani nyama yenyewe. Kuosha ni kuutoa wanga ili nyuzi zibaki. Nyuzi zisipopata muda wa kushikana, huondoka na wanga.

Pakiti yake iliandikwa protini gramu 10 kwa kila gramu 100. Unga huo unafaa, ingawa wenye 11 au 12 humsumbua mtu kidogo zaidi. Unga uliokwisha kuchanganywa bekingi poda tunauepuka. Tulitia chumvi kidogo na maji nusu lita na ushee, tukakanda dakika 10 hadi donge likawa gumu kidogo kuliko la chapati. Kisha tukalifunika kwa maji ya baridi, tukaliacha saa nzima. Hapo ndipo mama alipokuwa akikosea: nyumbani alitoka kukanda akaanza kuosha papo hapo, tena chini ya bomba lililofunguliwa sana.

Tuliosha ndani ya beseni. Maji ya kwanza yalitoka mazito na meupe kama maziwa, ya pili vilevile. Kwenye maji ya tatu donge likaanza kukatikakatika, likawa vipande laini vinavyoteleza vidoleni, mfano wa maziwa yaliyokatika. “Ndivyo hivihivi ilivyokuwa,” mama akasema, mkono tayari uko kwenye beseni kutaka kumwaga.

Tukamzuia. Hatua hiyo huwapata hata waliozoea, kwa sababu wanga uliokuwa ukijaza nafasi umetoka na nyuzi bado hazijafikiana. Usiendelee kusugua. Mimina vyote kwenye chujio la matundu madogo, kusanya vipande, vibonyeze pamoja kwa kiganja, viache dakika 10. Baada ya hapo osha taratibu ndani ya chujio hilohilo, ukibonyeza badala ya kusugua. Kwenye maji ya tano vipande vyake vilishikana tena, rangi ikawa ya kijivu chenye manjano, ukivuta inarudi. Ya sita yalikuwa na ukungu kidogo tu, tukaishia hapo. Ukiosha hadi maji yaonyeshe kitako cha beseni, nyama huwa ngumu kama mpira.

Tulipima, ikawa karibu gramu 300. Kilo moja ya unga wa aina hiyo haitoi zaidi sana ya hapo, na ndiyo sababu bei yetu iko ilivyo.

Gluteni mbichi haina ladha, na ikiwa imejaa maji haipokei kiungo. Iache ichuruzike nusu saa, ikamue, kisha ukandie kitunguu saumu cha unga, pilipili manga na binzari. Ivute ndefu, isokote, uifunge fundo. Ikiiva utakuta nyuzi za kuchanika kama za nyama. Ladha kubwa hutoka kwenye supu: maji, soya sosi, kitunguu, tangawizi, chumvi izidi kidogo ile ya supu ya kunywa. Supu ikichemka, punguza mkaa kabla ya kuitumbukiza, iive kwa saa moja huku vipovu vikipanda kimoja kimoja. Moto ukiwa mkali huvimba na kujaa matundu, ukitafuna unahisi sponji. Iache ipoe ndani ya supu usiku kucha. Kesho yake ikate, uikaange kwa mawese na vitunguu. Kwa maoni yetu hakuna mafuta yanayoipendeza zaidi.

Maji meupe usiyamwage. Yakilala usiku mmoja wanga hutuama chini, ukiondoa maji ya juu unabaki na kitu cha kuzidishia mchuzi. Mlo wenyewe uambatanishe na maharage, maana protini ya ngano ina upungufu wa laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini ambavyo mwili unavihitaji, na maharage yanayo.

Mwenye aleji ya ngano au ugonjwa wa siliaki asiile kabisa, hata kipande cha kuonja. Wanaoandaa chakula cha Sabato waagize kabla ya Alhamisi mchana, kwani tunaipika Alhamisi jioni ili ilale kwenye supu, na Ijumaa asubuhi inakuwa tayari kuchukuliwa.