Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa ushirika wetu, Busia

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana, salamu kwenu. Mambo ya kawaida mnayajua, mbegu tuligawa, stoo imepigwa bati upya, mkutano wa robo mwaka ulifanyika ingawa waliokuja hawakujaza hata benchi tatu, sitarudia. Leo nataka tuongee websaiti yetu ya kuuzia mazao, kwa sababu ndiyo maneno yanayozunguka sokoni na kwenye boda, kwamba mwenyekiti ameondoa namba za watu kwenye websaiti ili wanunuzi wote wapite kwake.

Kwanza kwa nini websaiti na si Fesibuku. Fesibuku ilifungwa hapa Uganda tangu Januari 2021 na wengi wetu hatuifungui bila VPN, sasa utauzaje mahali ambapo wewe mwenyewe huwezi kuingia ukajibu mteja? Hilo nililisema mimi mapema na kamati ikakubali.

Sasa kalenda ya mazao iliyo kwenye websaiti. Mwanzo kijana wetu wa kompyuta aliandika mwezi wa kuvuna, mahindi Julai, akaacha hapo. Mnunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka, Kenya, akaona Julai, akaleta lori Julai, tukapima kwa mashine unyevu ukasoma 18. Kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5 isizidi, na tangu Machi 2021 Kenya iliposimamisha mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu hakuna mnunuzi wa maana anayecheza na hiyo kitu, akageuza lori tupu na mafuta ameshachoma. Mwezi wa kuvuna si mwezi wa kuuza, hasa msimu wa kwanza, maana tunavuna na mvua bado zinanyesha na turubai linafunuliwa na kufunikwa siku nzima. Mavuno ya msimu wa pili, Desemba na Januari, yanakauka upesi kwa sababu jua liko. Ndiyo maana nikaagiza websaiti ionyeshe mwezi wa kuuza tu, na kila zao liwe na neno moja, yapo, yanakauka, au yameisha, na chini yake tarehe ya mwisho kubadilisha ili mteja ajue kama habari ni ya juzi au ya zamani. Muhogo peke yake umeandikwa mwaka mzima kwa sababu unakaa ardhini ukisubiri mteja.

Kabla ya kumwambia katibu "yapo", jipime nyumbani. Chupa kavu ya glasi, chumvi kavu kidogo, punje za mahindi, tikisa dakika chache halafu acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye glasi unyevu umezidi kama 15, rudisha kwenye turubai. Isipoganda bado haijathibitisha 13.5, leta stoo tupime kwa mashine.

Haya, namba za simu. Kila mwanachama alikuwa na namba yake pale na watu walifurahi, sikatai. Lakini mnunuzi wa lori hataki gunia 6 za mtu mmoja, anataka mzigo mmoja unaofanana, akipigia watu wanane anasikia bei nane na anachukua ya chini, wote mnaumia. Tena namba zilianza na 07, na Kenya nako namba zinaanza 07, kwa hiyo mtu wa ng'ambo akipiga anaangukia Mkenya mwenzake asiyejua lolote. Niliona mimi hilo. Sasa iko namba moja ya ofisi yenye +256 mbele, na ile ya kubonyeza WhatsApp inaanza `wa.me/256` bila alama ya kujumlisha na bila sifuri, ukiweka sifuri haifunguki. Simu yenyewe inakaa kwa katibu, si kwangu, na kila anayepiga anaandikwa kwenye daftari, jina, zao, kiasi, na mzigo umetoka kwa nani. Daftari liko ofisini, anayesema nakula kamisheni aje alifungue. Hajaja hata mmoja, na mimi hilo linaniuma maana usiku naamka kuwaza huu ushirika.

Ada pia. Tuko 84, waliolipa 20,000 zao ni 31. Jina la websaiti linalipiwa kila mwaka na lisipolipiwa linazimika, mteja anabonyeza anakuta hakuna kitu. Mwaka huu tulilipa kwa pesa ya turubai, turubai likasubiri.

Mbele huko tungependa picha za mazao halisi, na siku moja karanga zipate ukurasa wake, Mungu akijalia. Kwa sasa wenye maharage ya Desemba mpigieni katibu kabla ya Ijumaa mseme magunia mangapi, kalenda bado inasema yanakauka na kuna mnunuzi ameshauliza.