Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Hatari za Ujenzi wa Jengo Letu, Zikipangwa kwa Chanzo

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina, na habari za leseni za vyombo katibu amekwisha kuzibandika ubaoni, kwa hivyo taarifa yangu ya mwaka huu naielekeza kwenye jambo moja tu, nalo ni jengo letu la ghorofa moja ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, litakalokuwa na ghala chini na ukumbi juu. Katika mkutano uliopita wengi wenu mliuliza kwa nini kamati ilisimamisha kazi kwa wiki sita kabla ya kuchimba msingi. Jibu fupi ni kwamba tulikuwa tumeorodhesha hatari za mradi vibaya, tukalazimika kuzipanga upya. Jibu refu ndilo hili.

Orodha ya kwanza ilikuwa na mambo 29, nayo tuliigawa kama wengi wanavyoigawa: yaletayo kuchelewa yalikuwa 12, yaongezayo gharama 11, na yaharibuyo ubora 6. Orodha hiyo ilipendeza machoni, lakini kila tulipokaa kuuliza tufanye nini, hatukupata pa kushika, kwa sababu kuchelewa na gharama ni matokeo, na matokeo hayazuiliki pale yanapotokea bali pale yanapoanzia. Mhandisi aliyetushauri akatutaka tuivunje orodha ile na tuunde kile tulichokuja kukiita mti wa hatari, yaani mpangilio wa ngazi kwa ngazi ambao juu yake pana mradi wenyewe, chini yake matawi makuu ya vyanzo, na chini ya kila tawi vitawi vya vyanzo vidogo zaidi, hadi kufikia hatari mojamoja. Utaratibu huu ulielezwa na mtaalamu Mwingereza David Hillson mnamo 2002, akifuata mfano wa mgawanyo wa kazi ambao wasimamizi wa miradi walikuwa wakiutumia tangu zamani: kama kazi kubwa hugawanywa vipande ili isimamiwe, hatari nazo zigawanywe, ila kwa pale zitokapo.

Kabla ya kuupanda mti huo ilitubidi tuandike upya kila hatari kwa sentensi yenye sehemu tatu: kwa sababu ya jambo fulani lililopo, huenda likatokea jambo fulani, na hivyo tukapata hasara fulani. Sehemu ya kwanza ni chanzo, nayo ni ya hakika. Ya pili ndiyo hatari, nayo yaweza kutokea au isitokee. Ya tatu ni athari. Zoezi hili lilitupunguzia mambo saba papo hapo. Tulikuwa tumeandika "masika" kuwa ni hatari, na masika huja kila mwaka. Hatari ni shimo la msingi kujaa maji kabla ya zege kumwagwa. Tulikuwa tumeandika "kutomaliza kwa wakati", na hilo ni athari ya mambo mengi, si hatari peke yake. Zikabaki hatari 22.

Matawi makuu tuliyachagua manne. La kwanza ni ufundi, yaani udongo, ramani na vifaa. La pili ni mambo ya nje, ambayo ni bahari, vibali na majirani. La tatu ni chama chenyewe, yaani michango yetu na maamuzi yetu. La nne ni usimamizi wa kazi, yaani makadirio, mkataba na maelekezo kwa mafundi. Mradi mwingine ungekuwa na matawi mengine, na sioni sababu ya kunakili mti wa watu wa bara ambao vifaa vyao hushushwa na lori mlangoni.

Hapo ndipo lilipojitokeza jambo lililonishangaza mimi mwenyewe. Sisi ni chama cha manahodha na wenye mashua, na katika orodha ile ya mambo 29 neno bahari halikuwamo hata mara moja. Maji tumeyazoea, hatuyaoni. Lakini tulipouliza kila hatari "watoka wapi?", nne kati yake zilijibu mahali pamoja, nazo zilikuwa zimetawanyika kotekote: saruji kuharibika ilikuwa chini ya ubora, mawe kukawia ilikuwa chini ya muda, na vibarua kulipwa bila kazi pamoja na nauli kupanda zilikuwa chini ya gharama. Zote nne chanzo chake ni uvushaji wa mzigo, kwa maana kila mfuko wa saruji utapakiwa mashuani Mokowe, kila jiwe litavuka kutoka Manda Maweni, na kutoka ufukweni hadi uwanjani, katika vichochoro visivyopitisha gari, mzigo wote utabebwa na punda.

Kisha tulizipa hatari alama, tukizidisha uwezekano wa kutokea, kuanzia 1 hadi 5, kwa uzito wa athari, nao 1 hadi 5. Saruji kulowa mashuani tuliipa 4 kwa 4, yaani 16. Mawe kukawia ilipata 15. Mzigo kufika maji yakiwa yamekupwa, mashua isiweze kusogea karibu na ngazi, na vibarua na punda wakakaa siku nzima wakingoja, ilipata 12, na nauli kupanda katikati ya kazi nayo 12. Jumla ya kitawi hicho kimoja ni 55, ilhali jumla ya mti mzima ilikuwa 230. Karibu robo ya hatari zetu zote ilikuwa imekaa mahali pamoja, na orodha ya zamani isingeweza kutuonyesha hilo kamwe.

Matawi yenyewe yalisimama hivi: mambo ya nje hatari 9 zenye alama 104, ufundi hatari 6 zenye alama 58, chama hatari 4 zenye alama 49, na usimamizi hatari 3 zenye alama 19. Naomba tusizisome jumla hizi kwa pupa. Tawi lenye hatari nyingi hupata jumla kubwa hata kama hatari zake ni ndogondogo, kwa hivyo tuligawanya pia kila jumla kwa idadi ya hatari zake, na hapo chama kikaongoza kwa wastani wa 12 na ziada, mbele ya mambo ya nje yaliyopata 11 na ziada. Hatari moja nzito kuliko zote katika mti, yenye alama 20, ni michango ya wanachama kuchelewa. Nayasema haya bila kumnyooshea mtu kidole, nami ni miongoni mwa waliochelewa mwaka juzi.

Tawi la usimamizi nalo lilinitia shaka kwa wembamba wake. Tawi jembamba huenda likamaanisha kwamba upande huo ni salama, na huenda likamaanisha kwamba walioandika hawakupenda kutazama huko. Waliotunga orodha tulikuwa ni sisi wanakamati, wasimamizi wenyewe. Tukamwita fundi mkuu na mmoja wa wapimaji, tukatoka nje ya chumba, na tuliporudi tulikuta wameongeza hatari tatu zenye alama 33, mojawapo ikiwa ni wanakamati wawili kumpa fundi maagizo yanayopingana. Hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Tangu siku hiyo maagizo yanatoka kwa mtu mmoja, tena kwa maandishi.

Tulibishana sana kuhusu boriti za mikoko. Kukosa boriti kwa wakati kuna chanzo gani, vibali au uvushaji? Mtakumbuka kwamba Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na wakataji wa mikoko wa hapa Lamu wakaguswa. Kanuni tuliyoifuata ni kuuliza: chanzo kipi kikiondolewa, hatari nayo inaondoka? Mashua zikiwa tele na kibali hakuna, boriti hazipo. Kwa hivyo tuliiweka chini ya vibali, mara moja tu, na pembeni tukaandika kwamba uvushaji nao unaigusa. Hatari moja ikiandikwa mahali pawili, alama zake huhesabiwa mara mbili na mti wote hupinda.

Faida ya kupanga kwa chanzo ni kwamba dawa moja hutibu hatari kadhaa. Tulikodi bohari ndogo karibu na gati, na uvushaji wa vifaa tukauweka chini ya nahodha mmoja anayepanga safari kwa kufuata majira ya maji kujaa. Tulipozipima upya, saruji kulowa ilishuka kutoka 16 hadi 8, mawe kukawia kutoka 15 hadi 9, na vibarua kukaa bure kutoka 12 hadi 6. Nauli haikusogea, imebaki 12, kwa kuwa bohari haipangi bei. Jumla ya kitawi sasa ni 35. Lakini dawa hiyo imezaa hatari yake: saruji ikikaa muda mrefu katika hewa yetu ya chumvi na unyevu huganda na kupoteza nguvu, hata ikiwa haijafunguliwa. Tumeiandika chini ya ufundi kwa alama 6, tukaagiza mifuko ipangwe juu ya mbao mbali na ukuta, iliyotangulia kuingia itangulie kutoka, na pasiwekwe akiba ya zaidi ya miezi miwili.

Upo udhaifu mmoja wa mti huu ambao sipendi muuone baadaye na kudhani tuliuficha. Mti hutenganisha kwa chanzo mambo ambayo huenda yakatokea kwa pamoja. Kwetu uvushaji uko tawi la nje, na michango iko tawi la chama, lakini zote mbili zinaitikia upepo mmoja. Kusi ikishika, kuanzia Aprili na Mei, bahari huchafuka, wageni hupungua, vyombo hukaa, na mwanachama asiyepata safari hana cha kuchangia. Miezi ambayo mawe yatakawia ndiyo miezi ambayo mfuko wetu utakuwa mtupu. Hilo halikuonekana katika mti hata kidogo; tuliliona mweka hazina alipoziandika zile hatari nzito kumi juu ya kalenda ya mwaka, mwezi kwa mwezi.

Kwa hivyo kamati inaleta mbele yenu hoja moja ipigiwe kura leo: kwamba mchango wa jengo, ambao sasa hulipwa sawasawa kila mwezi, ulipwe kwa awamu nne kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi ambapo vyombo vinafanya kazi, na kwamba kuanzia Aprili hadi Julai asidaiwe mtu. Mti wenyewe, pamoja na hatari zote 26 na jina la mwanakamati anayeangalia kila moja, umebandikwa mlangoni. Atakayeona hatari isiyokuwamo amwandikie katibu sentensi yake ya sehemu tatu kabla ya Ijumaa.