Teori ya permi ya pikipiki ifundishe pia viraji

Bwana muhariri,

Salamu kutoka Kadutu. Miye ni motari na ninafundisha vijana kuendesha pikipiki, na kila mara kijana anatoka otoekoli na teori yake kichwani ninamuuliza kitu moja tu: ukiingia kwenye viraji ya kushoto, unakaa sehemu gani ya njia yako? Karibu wote wananiangalia tu. Pano ya stopu wanaijua, nani anapita wa kwanza kwenye ronpwe wanajua, mpaka distansi ya kupaki gari wanajua, na wengi wao gari hawatakuwa nayo maisha yao yote. Lakini kile chenye kinawaangusha hapa kwetu, mu huu muji wa kupanda na kushuka, hakuna mutu aliwaambia.

Kwa wenzetu iko tofauti. Ufaransa, tangu tarehe 1 Machi 2020, mutu mwenye anataka permi ya pikipiki anafanya egzame ya teori ya pikipiki peke yake, maswali 40, na lazima apate 35. Ujerumani, mwenye anaanza permi ya pikipiki anasoma masomo 12 ya watu wote, kisha anaongeza 4 ya pikipiki tu, kila moja dakika 90. Sisi tuko na sheria ya barabara ya 1978, tuko na kategori A kwenye permi, lakini kule penye miye nilisoma kategori A ilikuwa ni herufi tu, masomo yalikuwa ya gari mwanzo mpaka mwisho.

Sitaki kuongea yote, nichukue tu ile viraji ya kushoto juu ndani yake mambo yote yanakutana.

Gari ikikata kona inabaki imesimama kwa magurudumu yake ine. Pikipiki inalala. Lazima ilale, bila ile haigeuki, na namna inalala inategemea vitesi na ukubwa wa viraji, haitegemei ujanja wa motari. Tuchukue viraji ya kawaida huku kwetu, yenye ukichora duara yake yote, kutoka katikati mpaka kwenye njia ni mita 20. Ukipita na kilomita 20 kwa saa pikipiki inalala karibu digri 9, hata kiliya hasikii. Ukipita na 30 inalala karibu digri 20. Ukipita na 40 ni karibu digri 32, na pale unaona sasa namna inapanda haraka: vitesi imeongezeka mara mbili tu lakini ile nguvu ya kukutupa inje imekuwa mara ine.

Sasa fanya hivi hapo nyumbani. Chora musitari chini na choki, huo ni musitari wa katikati ya barabara. Kamata fimbo ya mita moja na nusu, juu kichwa cha mutu amekaa kwenye pikipiki kinafika karibu pale, simamisha ncha yake pembeni kabisa ya musitari, upande wako, kisha uilaze upande wa kushoto kama pikipiki inaingia kwenye kona. Ukiilaza kwa digri 20, ncha ya juu imevuka musitari nusu mita. Kwa digri 32 imevuka karibu sentimita 80. Mipira ya pikipiki bado iko kwa upande wako, rulaji akikuangalia chini atasema uko sawa, lakini kichwa chako, bega lako, na kile kichwa cha kiliya nyuma yako viko kwenye njia ya Fuso yenye inapanda. Na Fuso yenye inapanda na muzigo haitakuepuka, nayo iko inatafuta nafasi.

Njo maana kwenye viraji ya kushoto unakaa upande wa kuume wa njia yako, mbali na musitari. Kuna faida ya pili, ukiwa kule unaona mbali zaidi ndani ya viraji. Kwenye viraji ya kuume inageuka: ukisogea kidogo kuelekea katikati unaona mbele zaidi, na pikipiki inalala kwa upande wako mwenyewe kwa hiyo kichwa hakivuki, lakini usifike kwenye musitari kabisa, juu mwenye anatoka mbele kwake ni viraji ya kushoto na mara mingi yeye njo anaikata.

Najua wasomaji watasema hiyo ni ya Ulaya, njia zetu pembeni ziko na muchanga, godroni imevunjika, kanivo iko wazi, na mama wa mikungu ya ndizi amekaa palepale. Ni kweli, na mwalimu muzuri analazimika kuisema: kwanza mupira ukamate chini, kisha kuona mbali, na mambo mengine yanafuata. Kama ukingo wa kuume uko na changarawe haukai pale, unakaa kwenye godroni safi ya karibu, na vile umekosa nafasi ya kuona unalipa kwa kupunguza vitesi. Penye njia ni nyembamba mpaka magari mawili hayapitane vizuri, unaenda na vitesi yenye unaweza kusimama katika nusu ya kile kipande unaona, juu ile nusu ingine ni ya mwenye anakuja.

Kupunguza vitesi nako kuko na wakati wake, na hapa njo vijana wanakufa. Freni inafanywa mbele ya viraji, pikipiki ikiwa bado imesimama wima. Mupira uko na uwezo moja wa kukamata barabara, ukishautumia kwa kulala hakubaki mingi ya freni. Ukikamata freni ya mbele kwa nguvu katikati ya kona, moja kati ya mambo mawili: ama mupira wa mbele unateleza na unaanguka upande wa ndani, ama pikipiki inataka kusimama wima na inaenda moja kwa moja, na kwenye viraji ya kushoto moja kwa moja maana yake ni kanivo. Mvua ikinyesha juu ya vumbi, ile dakika za kwanza godroni inakuwa kama imepakwa sabuni, na ile 40 yenye jana ilipita leo haipiti. Na wale wenye wanashuka na pwamori, injini imezimwa juu ya kuchunga esansi, wanaachia freni kazi yote. Freni za tamburi zikipata moto zinapungua nguvu, na hautajua mpaka siku unazihitaji.

Unajuaje kama umeingia haraka kupita? Angalia pale mbali penye kando mbili za barabara zinaonekana zinakutana. Kama pale panakimbia mbele yako, viraji inafunguka, uko sawa. Kama pamesimama au panakuja kwako, viraji inajifunga, na ulipaswa kuwa umeshapunguza. Hiyo naona inafaa kuwa swali la egzame kabisa, na picha yake.

Kisha kuna kiliya. Otoekoli haimutaji hata mara moja na sisi tunamubeba kutwa nzima. Kiliya mwenye anaogopa, pikipiki ikilala kushoto yeye anajivuta kuume, na hapo inabidi pikipiki ilale zaidi tena juu ya kumulipia yeye. Maneno mawili mbele ya kuondoka yanatosha: ukae karibu na miye, uangalie juu ya bega langu la upande wenye tunaenda. Mama mwenye amekaa kando na kitenge, uzito wote uko upande moja, na ile ncha ya kitenge au ya shali inaning'inia karibu na gurudumu la nyuma na sheni. Ikishikwa inamuvuta yeye na mutoto mgongoni. Motari anapaswa kushuka aangalie ncha iko wapi mbele ya kupiga injini. Hii ni somo la nguo, na kwetu inapita hata ile ya jaketi ya ngozi yenye hakuna mutu atanunua.

Kwa motari mwenyewe ninaomba wafundishe kile kinawezekana: viatu vya kufunga, suruali nzito, mikono mirefu, glavu hata za kazi za ngozi. Mutu akianguka kwenye kona anateleza, na viganja vinafika chini vya kwanza, kisha goti, kisha kifundo. Babushi inatoka mguuni hata mbele pikipiki haijafika chini. Suruali ya jinsi ya kawaida nayo inapasuka haraka kwenye godroni, wasidanganyike, lakini iko bora kuliko kaputula.

Na kaske. Nimeiacha nyuma kwa makusudi, juu kila mutu anaiongea lakini hakuna mwenye anafundisha namna ya kuichagua. Utafiti wenye ulikusanya hesabu za nchi mingi ulionyesha kaske inapunguza hatari ya kufa karibu asilimia 42 na ya kuumia kichwa karibu asilimia 69. Lakini kaske gani? Ile ya kwenye shantié ya kujenga haiko kaske ya pikipiki. Angalia kwenye mukanda kama kuna kitambaa kimeshonwa na herufi E ndani ya duara na namba pembeni, hiyo ni alama ya regle namba 22 ya Umoja wa Mataifa, ijapokuwa ya bandia nayo iko sokoni, kwa hiyo ukague pia ndani kama kuna ile foma nene na ngumu, haiko sifongo tu. Vaa, funga mukanda, vidole viwili tu viingie chini ya kidevu, kisha mwambie mwenzako aikamate nyuma chini aivute kuelekea mbele. Ikitoka, haitakusaidia. Na kaske yenye ilishagonga chini na kichwa ndani, ile foma ilishakandamizwa, hairudi, hata inje inaonekana mupya. Kiliya naye apewe yake. Ukivuka Ruzizi tu kule Kamembe motari anakupatia kaske mbele haujakaa, na hapa tunasema haiwezekani.

Kwa hiyo minaomba wenye kutoa permi na wenye otoekoli: kwa mwenye anataka kategori A, ondoeni maswali ya kupaki gari, muweke kumi hivi ya pikipiki. Mufano: "Unashuka, viraji ya kushoto, mvua imeanza, uko na kiliya na gunia, freni unaikamata wapi, na unajiweka wapi kwenye njia?" Na mwenye kufundisha hayo awe mutu mwenye anaendesha pikipiki. Wako wengi kwenye asosiasio za wamotari, na kama mutatuita kuandika hayo maswali tutakuja bila kuomba malipo.

Motari na mufundishaji, Kadutu, Bukavu